Upande wa Kushoto wa Lori

Maneno haya niliyasema Jumamosi asubuhi hapa Mnazi Mmoja, Lindi, mbele ya madereva wa bodaboda na bajaji wa vijiwe vyetu. Wengi walikuwa barabarani wakitafuta riziki, wakaomba niyaandike. Nimeyaweka kama nilivyoyasema.

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu mliokaa huku mbele, shikamooni. Mwenyekiti wa kijiwe, ahsante kwa kunipa nafasi. Na ninyi wajomba zangu mlioegesha pikipiki kwenye kivuli cha mwembe, sogeeni kidogo, sauti yangu siku hizi haifiki mbali.

Wengi wenu mnanijua kama mwalimu wa udereva. Wachache mnajua kwamba kabla ya hapo nilikaa miaka 22 kwenye malori ya tela. Nilianza utingo, nikamaliza dereva. Barabara hii inayotoka Dar, ikafika hapa, tawi moja likaenda Mtwara na jingine Masasi, nimeipita nikiwa na saruji, nikiwa na korosho, nikiwa tupu. Leo sikuja kuwaambia habari za leseni wala kofia ngumu. Nimekuja na jambo moja tu: kulipita gari kwa upande wa kushoto. Lini inaruhusiwa? Lini ni marufuku? Na kwa nini marufuku hiyo, mbele ya lori, inageuka kuwa kaburi?

Tuanze na lililo jepesi. Sisi tunaendesha kushoto. Anayetaka kumpita mwenzake anapita kulia. Ndivyo inavyotaka Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, ile inayoitwa sasa Sura ya 168, na pikipiki haikuachwa nje. Mtu akikwambia kwamba bodaboda ni nyembamba kwa hiyo ina sheria yake, anakudanganya.

Lakini kwa nini kulia? Mmewahi kujiuliza? Dereva wetu anakaa kulia. Kioo chake cha kulia kiko karibu na bega lake, akigeuza shingo kidogo anaona hadi nyuma. Kioo cha kushoto kiko mbali, ng'ambo ya kiti cha abiria, na chini ya dirisha lile la kushoto kuna sehemu ambayo haionekani kabisa. Halafu jiulize, kushoto kwa gari kuna nani? Kuna mama na beseni la samaki. Kuna mtoto anayetoka shule. Kuna mzee na baiskeli. Kuna abiria anayeshuka. Upande wa kulia utakutana na gari linalokuja, na gari utaliona kwa mbali. Upande wa kushoto utakutana na mtu, na mtu huyo hakutarajii.

Nilishuhudia Noah moja imesimama kushusha abiria, haikuingia kituoni vizuri, imeacha nafasi kama ya mita moja na nusu hadi kwenye nyasi. Bajaji ikaiona ile nafasi. Wakati huohuo mlango wa Noah ukavutwa, bibi mmoja akatanguliza mguu chini. Nani alikuwa na kosa? Noah ilisimama vibaya, ni kweli. Lakini mlango wa abiria uko kushoto! Huku kwetu kila gari la abiria linashushia kushoto. Unapopita kushoto kwa gari la abiria lililosimama unapita mlangoni mwa nyumba ya watu. Yule bibi aliponea kwa sababu konda alimvuta kwa kitenge. Kitenge kilichanika, mguu ukapona.

Sasa nasikia kijana kule nyuma anasema, "Mwalimu, lakini kushoto si inaruhusiwa wakati mwingine?" Umesema kweli, mjomba. Inaruhusiwa. Na hapa ndipo nataka twende polepole, kwa sababu ruhusa hii watu wameijua nusu.

Ruhusa ni hii: gari la mbele likiwa linakata kulia, limeonyesha ishara ya kulia, na limeshasogea kulia kukaa karibu na mstari wa katikati, wewe unaweza kulipita kwa kushoto kama nafasi ipo. Sababu yake iko wazi. Ukimpita kulia utakutana naye anakata. Ukikaa nyuma yake bila sababu, foleni inajaa. Kwa hiyo anakuachia kushoto, unapita taratibu, unaendelea.

Kuna ruhusa nyingine ya barabara zenye njia mbili au zaidi za kwenda upande mmoja, pale foleni zinapotambaa na ya kwako ya kushoto ikawa inasogea haraka kuliko ya kulia. Hilo utalikuta Dar, kule Mbagala au barabara ya Morogoro kutokea Kimara. Huku kwetu barabara kuu ni njia moja kwenda na moja kurudi, kwa hiyo sitakaa hapo. Ninachotaka mkijue ni kwamba bega la barabara si njia. Ule ukanda wa pembeni, uwe na lami uwe na changarawe, si wa kupitia magari. Kutanua ni kutanua, hata kama umetanua kwa pikipiki.

Turudi kwenye gari linalokata kulia. Tatizo letu liko wapi? Tatizo liko kwenye indiketa.

Kwa sheria, indiketa ya kulia ina maana moja: naelekea kulia. Lakini ninyi ni watu wa barabarani, mnajua lugha ya malori. Dereva wa lori akiona unamfuata unataka kupita, na mbele kuna basi linakuja, anawasha kulia. Anasema nini? Anasema usinipite. Njia ikiwa nyeupe anawasha kushoto. Anasema nini? Anasema pita. Nimeifanya lugha hiyo miaka mingi, na nia yake ni njema. Lakini sasa angalieni: taa ya kulia ina maana mbili, nakata kulia au usipite. Taa ya kushoto ina maana mbili, nakata kushoto au pita. Taa moja, maneno mawili, na maneno hayo yanapingana!

Wakati nikiwa utingo, tulikuwa tunatoka Nangurukuru tunakuja huku. Mbele yetu kulikuwa na lori jingine, na katikati yetu pikipiki. Lori la mbele likawasha kulia. Dereva wake alikuwa ameona basi. Yule wa pikipiki, ambaye amefundishwa kwamba gari likiwasha kulia unapita kushoto, akaingia kushoto. Lori halikupunguza mwendo wala halikusogea katikati, kwa sababu halikuwa linakata popote. Nafasi ikawa finyu, akateremka kwenye bega la barabara, na kwenye bega kulikuwa na mtu anasukuma baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa. Mwenye mkaa alirukia mtaroni. Baiskeli ilikunjika, mkaa ukatapakaa kwenye lami hadi matairi yetu yakawa yanausaga. Mwenye pikipiki alivunjika mkono. Tulimpakia sisi wenyewe.

Alivunja sheria? Yeye aliamini anaitii. Ndiyo maana nawaambia, taa peke yake haitoshi. Taa ni shahidi mmoja, na unahitaji watatu. Shahidi wa pili ni mahali gari lilipo: anayekata kulia kweli anasogea, tairi zake za kulia zinakaribia mstari wa katikati, kushoto kunabaki nafasi ya kutosha juu ya lami. Shahidi wa tatu ni mwendo: anayekata anapunguza, mara nyingi utaona taa za breki. Na mimi hujiuliza swali moja zaidi, nalo ni jepesi sana: iko wapi njia ya kuingia? Kama kulia kuna msitu wa mikorosho tu, hakuna barabara, hakuna geti, hakuna sheli, huyo anakata kwenda wapi? Hakati. Anakwambia kuna gari. Kaa nyuma.

Na mashahidi wote wakitimia, bado unapita kwa mwendo wa kuweza kusimama, ukiwa juu ya lami, ukiangalia kama mtu anatokea mbele ya lile gari. Kwa sababu gari kubwa likisimama kukata kulia, waenda kwa miguu huliona limesimama na wao huvuka.

Mmenifuata hadi hapo? Basi sasa tuingie kwenye jambo lililonitoa nyumbani. Lori linalokata kushoto.

Ilikuwa msimu wa korosho. Nimebeba magunia, napeleka ghala. Geti la ghala liko mkono wa kushoto, na nguzo za geti zimejengwa na mtu ambaye nadhani hajawahi kuliona tela. Mita kama mia moja kabla, nikawasha indiketa ya kushoto. Nikapunguza hadi mwendo wa kilomita 15 hivi kwa saa. Nilipokaribia, nikafanya anachofanya kila dereva wa tela: nikavuta usukani kulia kwanza.

Kwa nini kulia, wakati naingia kushoto? Sikilizeni hapa, wajomba, kwa sababu roho ya mtu iko hapa. Tela halifuati njia ya kichwa. Kichwa kikikata kona kwa upana, matairi ya nyuma ya tela yanakata ndani zaidi, yanachukua njia ya mkato. Kwenye kona kali kama ya geti, yanaweza kuingia ndani kwa karibu mita tatu kuliko yalikopita matairi ya mbele. Mita tatu! Hiyo ni hatua tatu ndefu za mtu mzima. Nikikata moja kwa moja bila kujitanua kulia, tela linaondoka na nguzo. Kwa hiyo navuta kulia, ndipo narudi kushoto.

Sasa wewe uko nyuma yangu na abiria wako. Unaona nini? Unaona taa ya kushoto, unasema, mzee kanipa njia, nipite. Unataka kupita kulia, lakini lori limehamia kulia limeziba. Halafu unatazama kushoto. Kushoto kumefunguka! Nafasi pana, safi, lami tupu. Unafikiri lori limekupisha. Wallahi, lori halijakupisha. Lile ni pengo ambalo tela linakuja kulijaza.

Siku ile kijana mmoja wa bodaboda aliingia.

Na mimi niliyekuwa juu, niliona nini? Sikuona kitu. Kichwa kikivutwa kulia, kioo cha kushoto hakiangalii tena ubavu wa tela. Kinaangalia nje, porini. Nilipoanza kurudisha kushoto, kioo kikajaa ubavu wa tela lenyewe, turubai na kamba, basi. Na yeye alipofika usawa wa mlango wa kushoto alikuwa chini ya dirisha, mahali ambapo hata ningeinuka kwenye kiti nisingemwona. Sikumsikia, kwa sababu injini iko chini ya miguu yangu.

Tupige hesabu yake taratibu. Mimi niko kilomita 15 kwa saa. Yeye yuko 35. Ananizidi kwa 20, maana yake kila sekunde ananikaribia kama mita tano na nusu. Lori na tela ni mita kama 18, ongeza pikipiki yake na nafasi ya kutoka salama mbele yangu, ziwe 22. Anahitaji sekunde nne kutoka mkiani hadi kupita bampa. Katika sekunde hizo nne mimi nimeshakwenda mita kama 17. Je, mita 17 mbele kuna nini? Kuna geti. Yaani kabla hajanimaliza, mimi nimeshaanza kukata. Sekunde nne hakuwa nazo. Alizihesabu kwa lori linalokwenda moja kwa moja.

Utingo wangu ndiye aliyemuokoa. Alikuwa ameshuka kuniongoza, akapiga ubao wa tela kwa kiganja na kupaza sauti, "Simama! Mtu!" Nikakanyaga breki. Pikipiki ilikuwa imeshaingia chini, mbele ya matairi ya tela, imelala. Mguu wa kijana ulikuwa umebanwa kati ya pikipiki na ukingo wa mtaro. Abiria wake alirushwa kwenye nyasi. Ningesogea nusu mita tena, nisingekuwa nawasimulia hivi. Ulivunjika mguu mahali pawili, na kwa muda mrefu sana nilikuwa nikifumba macho nasikia kile kiganja kikipiga ubao.

Kisheria nani alikosea? Yeye alipita kushoto kwa gari lililoonyesha kwamba linakata kushoto, na hilo limekatazwa kabisa, halina mjadala. Lakini nami nilijiuliza. Taa yangu ya kushoto siku ile ilisema nini kwake? Siku nzima madereva kama mimi tumewasha kushoto tukimaanisha pita. Tangu hapo niliacha. Sijawahi tena kumpa mtu njia kwa indiketa, na kila mwanafunzi wangu wa lori namkataza. Taa ya kushoto ibaki na maana moja. Najua wenzangu wengine wataona nimevunja adabu ya barabara. Nakubali kulaumiwa.

Sasa utalijuaje lori linalotaka kukata kushoto? Taa ya kushoto pamoja na kupunguza mwendo. Anayekupisha hupunguza kidogo tu na hubana kushoto. Anayekata hupunguza sana na huhamia kulia. Hiyo ndiyo alama kubwa: lori limewasha kushoto lakini linakwenda kulia. Ukiona hivyo, simama nyuma. Angalia tena mkono wa kushoto kama kuna geti, barabara ya mtaa, ghala au gereji. Msimu wa korosho hesabu kila ghala kuwa kona. Na siku hizi kuna malori ya makaa ya mawe kutoka Ruvuma yanayoteremka bandarini Mtwara, nayo yana mahali pa kuingia kupumzika, kunywa chai na kupima matairi. Ni tela juu ya tela.

Usimame wapi? Usigande mkiani. Kaa mbali kiasi kwamba unaiona sura ya dereva kwenye kioo chake. Huoni kioo chake, yeye hakuoni wewe. Na kama umeshaingia ubavuni ndipo ukahisi lori linakujia? Usiongeze moto kujaribu kuwahi. Funga breki na kimbilia nje ya lami, kwenye nyasi, kwenye mtaro, popote ambapo tela halifiki. Iache pikipiki ikaliwe. Mwambie abiria wako aruke.

Naona mzee ananionyesha saa, nisipitilize adhuhuri. Niseme moja dogo. Gari likisimama kwenye pundamilia, usilipite. Si kulia, si kushoto. Hapo hakuna ruhusa ya upande wowote. Nilimwona mwanafunzi wa darasa la pili hivi, gari dogo limesimama kumvusha, anatoka mbele ya boneti upande wa kushoto anamalizia, na bodaboda inachomoka kushoto kwa gari. Mtoto alikuwa mfupi, gari lilimziba, asingeonekana na mtu yeyote aliye nyuma. Tairi la mbele lilipita kwenye begi lake la daftari lililokuwa limemponyoka. Dereva yule aliniambia, "Nilidhani limeharibika." Gari likisimama na hujui kwa nini limesimama, basi hujui kilicho mbele yake. Sina zaidi kwenye hilo.

Swali? Ndiyo, wewe. Anasema abiria ndiye anayeharakisha, anasema pita hapo, pita hapo. Mjomba, abiria haoni kioo. Mwambie hivi: "Shemeji, lile lori linakata, tungoje." Kungoja lori la tela limalize kuingia getini ni nusu dakika, ikizidi sana dakika moja. Nimezipima mwenyewe na wanafunzi wangu, nimesimama na saa mkononi. Abiria akishuka kwa hasira akapanda ya mwenzako, mwache ashuke.

Sasa maneno yatoshe. Mmeona lori lile pale nje, lililoegeshwa karibu na duka la vipuri? Mwenyewe kaniazima kwa saa mbili. Injini imezimwa, funguo ninazo mimi, na magogo yamewekwa kwenye matairi. Kichwa chake nimekiacha kimevutwa kulia, kama kinataka kukata kushoto. Nataka kila mmoja wenu apande, mmoja mmoja, akae kwenye usukani, ashike kioo cha kushoto kwa macho yake. Mwenzake asukume pikipiki polepole kutoka nyuma ya tela, apite kushoto hadi usawa wa mlango. Aliye juu aseme kwa sauti ni wapi mwenzake amepotea. Tutapiga mstari wa chaki chini hapo alipopotea, na mstari mwingine atakapoonekana tena. Kisha wote tutasimama katikati ya mistari hiyo miwili tuone tunatosha wangapi.

Wewe mwenye koti la bluu, njoo uwe wa kwanza kupanda. Pikipiki yako mpe jirani yako. Utingo wangu wa zamani yuko hapa, ndiye atakayeshika chaki.